Chupa Moja, Kuku Ishirini na Tatu

Mfugaji wa kuku wa kienyeji kati ya Mtwapa na Mambrui hakosi mahali pa kuuliza. Simu yangu ilikuwa na makundi manne ya WhatsApp ya kuku, na mtaani Tezo kuna chama cha akina mama kinachokutana Jumamosi moja kila wiki mbili. Nilichokosa ni akili ya kuchagua, na ujinga huo ulinigharimu kuku 17 kati ya 23.

Nianze na siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa kaskazi, vumbi tele. Asubuhi nikamkuta mtetea mmoja amejikunyata, mbawa zimeshuka, kinyesi chake cha kijani na majimaji. Kesho yake walikuwa watatu, mmoja shingo imempinda mpaka anatazama mgongo wake. Nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi kubwa kuliko yote niliyokuwamo. Majibu yalifika kabla sijarudisha simu mfukoni. Mmoja alisema mshubiri, mwingine pilipili na majivu, na wa tatu, aliyeandika kwa kujiamini kuliko wote, alisema tetrasaiklini kijiko kimoja kwa lita siku tano. Nikanunua tetrasaiklini. Siku ya tano nilikuwa nachimba shimo.

Leo nikiyasoma yale majibu naona kitu kimoja kilichokosekana: hakuna aliyeniuliza swali. Hakuna aliyetaka kujua kuku wana umri gani, wamechanjwa lini, wamekufa wangapi kwa siku ngapi, au kama nimeingiza kuku mgeni kutoka sokoni. Nilikuwa nimemwingiza jogoo wa soko wiki moja kabla. Dalili zile zilikuwa za kideri, na kideri ni virusi. Antibaiotiki haiui virusi. Ikianza kuua kwenye boma ambalo halijachanjwa, inaweza kulimaliza karibu lote, na hakuna dawa ya kuitibu. Chanjo ndiyo kinga, nayo hutolewa mapema, kwa maana mwili wa kuku unahitaji kama wiki mbili kujijenga. Kuku aliyekwisha kuambukizwa, chanjo ya leo haimwokoi.

Basi nikakaa na daftari nikalinganisha mahali pa kuuliza. Bei ninazotaja ni za kukadiria tu, badilisha kwa bei za duka lako.

Kundi kubwa la WhatsApp ni bure ukiacha bando. Uzuri wake ni kasi, maana hata saa nne za usiku kuna mtu macho. Ubaya wake ni kwamba anayejibu haishi na matokeo. Akikosea, anayechimba shimo ni wewe, naye yuko Eldoret. Kuna pia kundi la kulipia, ambalo mwenzangu wa Matsangoni aliingia kwa shilingi 500 na kuahidiwa mafunzo. Mafunzo yapo, lakini msimamizi ndiye anayeuza vitamini, chakula na vifaranga, na kila ugonjwa kundini unaishia kwenye bidhaa. Sisemi muuzaji ni mwongo. Nasema ushauri wake nauangalia mara mbili, hasa akiagiza dawa tatu kwa mpigo kabla ya kujua kuku anaumwa nini.

Chama cha mtaani kwetu kinachanga shilingi 50 kwa mkutano, yaani 1,300 kwa mwaka ukihesabu mikutano 26. Ukitazama juu juu ndicho ghali kuliko vyote. Lakini hapa ndipo hesabu ya chupa inapoingia, nayo sikuielewa mpaka nilipoonyeshwa.

Chanjo ya kideri haiuzwi tone moja moja. Chupa ndogo huwa ya dozi 100, na ukishaichanganya na maji haiwekwi mpaka wiki ijayo. Tuseme chupa ni shilingi 300. Mimi na kuku wangu 23 ningeifungua, nitumie 23, nimwage 77. Hiyo ni shilingi 13 kwa kuku, na chanjo hurudiwa kila miezi mitatu hivi, kwa hiyo 1,200 kwa mwaka. Jirani mwenye kuku 8 angelipa 300 zile zile, zaidi ya shilingi 37 kwa kuku, na ndiyo maana wengi wa hali yake hawachanji kabisa. Chama kinafungua chupa moja kwa nyumba tano asubuhi moja, na kila mtu analipa shilingi 3 kwa kuku. Kwangu mimi ni 69 kwa awamu, 276 kwa mwaka. Ile tofauti ya 924 inarudisha sehemu kubwa ya mchango wa Jumamosi, na zaidi ya hapo kuku wa jirani anayeruka ua wangu naye kachanjwa. Kuku 17 niliowazika, hata nikiwahesabu kwa 800 tu kila mmoja, ni 13,600.

Si kila chama kiko hivyo. Vingine ni vya picha na fulana, vinaamka mfadhili anapotajwa. Namna niliyoitumia kupata kilicho hai ni kwenda kwenye duka la dawa za mifugo na kuuliza nani hununua chupa za chanjo kila baada ya miezi mitatu. Muuzaji anawajua. Afisa wa mifugo wa wadi naye anawajua, kwa sababu ndio wanaomsumbua kwa simu. Chama kinachochanja kwa kalenda kinaacha alama kwenye risiti, na risiti haidanganyi kama cheti kilichotundikwa ukutani.

Makundi ya simu sikuyatupa yote, ila niliyapima. Kila kundi lina sehemu ya kutafuta maneno. Niliandika neno kideri, nikasoma maswali kumi ya nyuma taratibu, nikiangalia jambo moja tu: aliyeuliza alirudi kusema ilikuwaje? Kwenye kundi lile kubwa, katika maswali kumi, aliyerudi ni mmoja, tena alirudi kuuza mabanda. Kundi lisilo na marejeo halijui kama ushauri wake unaponya au unaua, hata liwe na watu maelfu. Kwenye kundi dogo la wafugaji wa Kilifi na Malindi, la watu wasiofika 60, sita walirudi, na wawili walisema wazi kwamba walichoshauriwa hakikufaa. Hilo nililibakisha.

Kisha nikawatega watu wake kwa swali ambalo jibu lake nalijua. Niliandika: nataka kuwapa kuku chanjo ya Lasota kwenye maji ya kunywa, nitumie maji gani? Kwetu hili si swali la mzaha. Maji ya bomba yanayotoka Baricho yametiwa klorini, na klorini huua virusi hai vya chanjo vile vile inavyoua vijidudu vingine, ukabaki unanywesha kuku maji matupu. Kundini wawili waliniambia tia tu maji safi ya bomba. Wa tatu akauliza, "Bomba la kaunti au kisima? Na kisima chako kina chumvi?" Kisha akaeleza kuwa ikiwa ni bomba, nitie kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kama kijiko cha chai kwa lita, ili klorini ipoozwe, na kuku wanyimwe maji saa moja au mbili kabla, wapate kuyamaliza upesi. Nikahifadhi namba ya huyo mtu. Sijui alisomea wapi, lakini aliuliza kabla ya kujibu, na jibu lake lilibadilika kulingana na maji niliyonayo.

Chama chetu hakitumii maji ya kunywa. Wanatumia ile chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, na ambayo imetumika sana Tanzania na Msumbiji. Inavumilia joto kuliko Lasota, ingawa bado husafirishwa kwenye ubaridi na haiachwi kwenye dashibodi ya matatu. Ni tone moja jichoni, kifaranga na jogoo sawa. Mara ya kwanza mama mwenyekiti alinishikisha kuku, akaniambia, "Usiachie mpaka apepese jicho, mwanangu. Asipopepesa, tone limeingia kwenye manyoya, na wewe utakwenda nyumbani ukidhani umechanja." Hilo sikulisoma kwenye kundi lolote.

Hata hivyo chama nacho kina mpaka. Mwaka jana vifaranga vya mwanachama mmoja vilianza kufa, kinyesi kina damu, na nusu ya mkutano ikasema kideri kwa kuwa ndio ugonjwa wanaoujua. Damu kwenye kinyesi cha kifaranga wa wiki nne mara nyingi ni koksidia, ugonjwa unaotibika kwa amproliamu, na kungoja hapo ni hasara. Watu waliozoea ugonjwa mmoja huuona kila mahali. Siku hizo ndizo za kumlipa mtaalamu. Uliza jina lake kamili na uliangalie kwenye orodha ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, ambayo ndiyo huwasajili madaktari na wasaidizi wao. Anayekasirika kuulizwa namba ya usajili, mshukuru kwa muda wake uende zako.

Na pale ubishi unapokataa kwisha, Kaunti ya Kilifi ina bahati ambayo wengi hawaitumii: maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo iko Mariakani. Kutoka Malindi ni safari ya siku nzima, kweli, na nauli si mzaha. Lakini ukiwa na kuku 200 na wanakufa, nauli hiyo ni ndogo kuliko chupa tatu za dawa za kubahatisha. Mpigie simu kwanza afisa wa mifugo akupangie. Peleka kuku wawili au watatu wagonjwa walio hai, kwa maana mzoga wa jana kwenye joto hili umeshaoza ndani na hauonyeshi kitu. Kama amekufa asubuhi hiyo, mfunge kwenye mifuko miwili, mweke kwenye kikasha chenye barafu, usimgandishe. Andika kwenye karatasi umri, tarehe za chanjo, wangapi wamekufa kila siku na dawa ulizokwisha kuwapa. Ni maswali yale yale ambayo kundi langu la kwanza halikuniuliza.

Awamu yetu ijayo ni Jumamosi hii. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla kuku hawajatolewa bandani, maana wakishatawanyika kwenye mikorosho hakuna wa kuwakamata. Nyumba zimekuwa sita, kuku 112, na kwa hiyo mjadala uliopo sasa ni nani atalipia chupa ya pili kwa ajili ya wale 12.