Barua ya kazi ya afisa wa usalama: aya moja yenye uzito

Kiwanda cha saruji au mgodi ukitangaza nafasi ya afisa wa usalama na afya kazini, barua nyingi zinazoletwa husema mambo yale yale. Mwombaji ni mchapakazi, anaijua sheria, amewahi kukagua hatari na ana uzoefu wa kuripoti ajali. Huenda yote ni kweli, lakini meneja anayesoma hajaonyeshwa kitu. Anachotaka kujua ni kama mtu huyu, akipita karibu na mashine, ataona kile ambacho wenzake wamekizoea, na akishakiona atakifuatilia mpaka kiishe.

Barua yenyewe haizidi ukurasa mmoja. Mwanzo wake ni nafasi inayoombwa na mahali ilipotangazwa, na mwisho wake ni shukrani na sahihi. Vyeti na miaka ya masomo vimo kwenye wasifu. Kwa hiyo nafasi ya kuonyesha kazi ni aya ya katikati tu, na aya hiyo inatosha kisa kimoja. Kisa kimoja kilichoelezwa vizuri kinashinda orodha ya majukumu kumi.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wenye mambo yanayotokea kweli. Mwombaji amefanya kazi kwenye machimbo ya kokoto katika Kaunti ya Machakos na sasa anaomba kazi katika kiwanda cha saruji huko Athi River. Aya yake ya katikati inasema hivi:

"Nilipokuwa nikikagua zamu ya usiku niliona wavu wa kinga wa puli ya mkiani, kwenye mkanda wa kusafirisha mawe, umefunguliwa na kuegemezwa ukutani huku mkanda ukienda. Msimamizi wa zamu aliusimamisha mkanda nilipomwomba. Wafagiaji waliniambia kwamba juma lililotangulia beleshi la mmoja wao lilinaswa na puli likamponyoka. Hakuumia, na tukio halikuandikwa. Niliandika taarifa usiku huo huo, nikatafuta chanzo pamoja na fundi mkuu, na wavu mpya ukafungwa baada ya siku 9. Katika siku hizo hakuna aliyeruhusiwa kufagia pale kabla mkanda haujazimwa na kufungwa kufuli. Niliendelea kuukagua wavu huo kila juma kwa miezi mitatu."

Anayejua viwanda akisoma hapo anaiona hatari kwa macho yake. Puli ya mkiani ndiyo inayougeuza mkanda upande ule mawe yanapopakiwa. Pale mkanda unapokutana na puli pana mwanya unaomeza chochote kinachougusa: beleshi, mkono wa shati, glavu. Mkanda unaokwenda mita 2 kwa sekunde humvuta mtu mita nzima katika nusu sekunde, na huo ni muda mfupi kuliko unaohitajika kutambua kilichotokea na kuachilia. Ndiyo maana ushauri wa "kuwa mwangalifu" hauna kazi mahali hapo. Kinachohitajika ni wavu unaomzuia mtu asifike kwenye mwanya huo hata akisahau.

Kwenye usaili ataulizwa swali moja hakika: kwa nini wavu ulikuwa umefunguliwa? Afisa dhaifu atajibu kwamba wafanyakazi ni wazembe. Huyu wetu alitafuta chanzo, na majibu yalikuwa mawili. La kwanza, mpira wa pembeni unaozuia mawe yasimwagike ulikuwa umelika, kwa hiyo kokoto zilijaa chini ya puli na ilibidi zizolewe mara kadhaa kila zamu. La pili, sehemu ya kutilia grisi kwenye beringi ilikuwa nyuma ya wavu, na wavu wenyewe ulishikwa na bolti nyingi. Fundi akishaufungua ili atie grisi, na mfagiaji akijua atarudi tena baada ya saa mbili, nani ataurudisha? Watu walikuwa wanatafuta njia ya kumaliza kazi waliyopewa, na kazi yenyewe ilipangwa vibaya.

Kwa hiyo kubandika tangazo na kumpa mfagiaji onyo kusingetosha. Mpira wa pembeni ulibadilishwa ili mawe yasimwagike, na bomba jembamba la grisi likavutwa hadi nje ya wavu ili fundi asihitaji kuufungua. Mambo hayo mawili yaliondoa sababu ya mtu kuukaribia mkanda unaoenda. Mwombaji akiweza kuyaeleza kwa sentensi mbili, msomaji wa barua ataelewa kwamba anajua utaratibu wa kudhibiti hatari: kwanza iondoe, usipoweza izuie kwa uhandisi, halafu ndipo uje kwenye maonyo, mafunzo na vifaa vya kujikinga.

Zile siku 9 za kungoja wavu mpya nazo zinasema mengi. Wengi huandika "mashine ilizimwa" wakadhani wamemaliza. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu mwenzako aliye kwenye chumba cha udhibiti anaweza kuiwasha asijue uko chini. Swichi kuu ya umeme hufungwa kwa kufuli, kila anayeingia huweka kufuli lake mwenyewe na kutia ufunguo mfukoni, kisha kitufe cha kuwasha hubonyezwa kuhakikisha kweli hakuna kinachotembea. Hata hapo bado. Mkanda uliopanda mlima ukiwa na mawe juu yake unaweza kurudi nyuma kwa uzito wake, umeme ukiwa umekatwa kabisa. Ni lazima uzuiwe au uondolewe mzigo kwanza. Mwombaji anayetaja jambo hili dogo amewahi kusimama karibu na mkanda, si kuusoma tu darasani.

Baadhi ya waombaji hutaja alama za hatari, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Viwanda vingi hutumia jedwali la tano kwa tano: uwezekano wa jambo kutokea huzidishwa na ukubwa wa madhara yake. Puli isiyo na wavu inaweza kupata 4 kwa uwezekano na 5 kwa madhara, yaani 20. Wavu ukifungwa, uwezekano hushuka hadi 1, lakini madhara hubaki 5, kwa sababu mkono ukiifikia puli bado utakatika. Jumla inakuwa 5. Ukiona barua inayodai kwamba madhara yalishuka hadi 1 baada ya wafanyakazi kupewa glavu, mwandishi wake hajaielewa hatari hiyo. Karibu na mashine inayozunguka, glavu yenyewe inaweza kunaswa na kuuvuta mkono.

Sasa tuje kwenye taarifa. Beleshi lililonaswa bila kumuumiza mtu ni nusura ajali. Huandikwa kwenye rejista ya ndani ya kiwanda ili chanzo kitafutwe kabla damu haijamwagika. Mtu akiumia, sheria inaingia. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amjulishe afisa wa serikali wa eneo lake katika muda wa saa 24 ajali inapoua, kisha apeleke taarifa ya maandishi kwa fomu rasmi ndani ya siku 7. Kwa majeraha yasiyoua, taarifa ya maandishi nayo inatakiwa ndani ya siku 7. Anayeomba kazi Tanzania asizibebe saa hizo akazinukuu kama zilizo, kwani huko kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wake, OSHA, na migodi ina kanuni zake chini ya Tume ya Madini. Kutaja sheria ya nchi nyingine kwenye barua ni kosa ambalo mwajiri huliona mara moja.

Taarifa nzuri hutenganisha kilichoonekana na kinachodhaniwa. "Saa 8:40 usiku beleshi lilivutwa kati ya mkanda na puli, wavu haukuwapo" ni jambo lililoonekana. "Mfanyakazi alikuwa na usingizi" ni dhana, na ikiandikwa mapema inaufunga uchunguzi kabla haujaanza. Aya ya mwombaji wetu imefuata njia hiyo hiyo: anasema aliona nini, aliambiwa nini na nani, na alifanya nini. Tena hakumtaja mfagiaji kwa jina. Barua ya kazi haina haki ya kubeba jina la aliyeumia, aina ya jeraha lake wala siri za mwajiri wa zamani. Anayemwaga siri za kiwanda cha jana atamwaga na za kiwanda cha kesho.

Kuhusu takwimu, nina ushauri mmoja mzito: zipe msingi wake au uziache. "Nilipunguza ajali kwa asilimia 50" yaweza kuwa ajali mbili kuwa moja, na hiyo ni bahati tu. Viwanda hupima majeraha yaliyomfanya mtu akose kazi kwa kuyalinganisha na saa zilizofanywa kazi. Kiwanda cha watu 250, kila mmoja akifanya saa 2,000 kwa mwaka, kina saa 500,000. Majeraha mawili hapo ni 4 kwa kila saa milioni moja. Makampuni mengine hutumia msingi wa saa 200,000, na kwa hesabu yao majeraha yale yale mawili ni 0.8. Mwombaji anayeandika 0.8 bila kutaja msingi anaweza kuonekana anaficha kitu, hata kama hakukusudia.

Kuna takwimu nyingine inayosomwa kinyume na wengi wanavyodhani. Mwombaji hujisifu kwamba mwaka mzima hakuna nusura ajali iliyoripotiwa chini yake. Kiwanda chenye mikanda, matanuru na malori hakiwezi kupita mwaka bila jambo lolote kukosea, kwa hiyo sifuri hiyo yaelekea kumaanisha kwamba watu wanaogopa kusema. Katika kisa chetu mfagiaji alinyamaza juma zima mpaka alipoulizwa kwa upole. Afisa anayeandika kwamba taarifa za nusura ajali ziliongezeka katika miezi yake ya kwanza, na akaeleza kwamba wafanyakazi walianza kuona zikishughulikiwa, ameandika jambo la kweli ambalo meneja mzoefu atalithamini.

Na wewe uliyemaliza masomo juzi, ambaye hujawahi kuwa afisa wa usalama popote? Usijipe mamlaka ambayo hukuwa nayo. Ukaguzi mmoja uliofuatana na msimamizi wako wakati wa mafunzo kazini unatosha, ukisema wazi kwamba yeye ndiye aliyesimamisha mashine na wewe uliandika fomu, ukapiga picha na kurudi kuona kama wavu umefungwa. Chukua kisa hicho, kiandike kwa sentensi tano au sita, na umwombe fundi mmoja wa mashine akisome kabla hujatuma barua. Akikuuliza swali usiloweza kulijibu, rudi kwanza ukatafute jibu, kwa sababu kwenye usaili utaulizwa lilo hilo.