Je, wajua? Kivumishi cha Kijerumani hubeba alama iliyokosekana

Mezani kwa Mjerumani, kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, na kisu hakimo upande wowote: der Löffel, die Gabel, das Messer. Maumbile ya vitu hayahusiki. Hata msichana, Mädchen, huanza na das, kwa kuwa kila nomino yenye kiambishi cha udogo -chen huingia katika jinsia hiyo ya tatu.

Mswahili aliyezoea ngeli hashangai sana. Tofauti ni kwamba Kiswahili hurudia alama ya ngeli kila mahali: kisu kikubwa kile kimepotea. Kijerumani ni bahili zaidi. Kinachotakiwa ni alama ya jinsia ionekane wazi kabla ya nomino. Ikishatolewa na neno la mwanzo, kivumishi hakina haja ya kuirudia.

Chukua kivumishi alt, yaani -kuukuu. Tunasema der alte Löffel, die alte Gabel, das alte Messer. Kivumishi kimepata -e tu kote, kwa sababu der, die na das zimekwisha kutaja jinsia. Sasa weka ein, "moja", badala yake. Ein Löffel na ein Messer hazitofautiani: ein haina alama yoyote. Hapo kivumishi hujitwika kazi: ein alter Löffel, ein altes Messer. Ile r ya der na ile s ya das zimehamia mwishoni mwa kivumishi. Kwa uma husemwa eine alte Gabel, maana eine tayari ina -e ya kike.

Pasipo neno la mbele kabisa, kivumishi hubeba kila kitu: kalter Kaffee, kalte Milch, kaltes Wasser, yaani kahawa, maziwa na maji baridi. Baada ya mit, "kwa" au "pamoja na", das hugeuka dem, nayo m hufuata kanuni ileile: mit dem kalten Wasser, lakini mit kaltem Wasser.

Kwa hiyo makosa ya wanafunzi ni ya aina mbili. Anayesema ein alte Messer ameiacha alama. Anayesema das altes Messer ameitoa mara mbili. Ila vivumishi viwili vikifuatana, vyote huvaa mwisho mmoja: ein altes, scharfes Messer. Na kivumishi kikija baada ya kitenzi "kuwa", hakibadiliki: das Messer ist alt.

Ubahili huo huonekana hata alama inapokuwa kwenye nomino yenyewe. Katika wegen schlechten Wetters, "kwa sababu ya hali mbaya ya hewa", s ya uhusika iko mwishoni mwa Wetters. Hakuna neno lililotangulia kivumishi, lakini chenyewe kimeridhika na -en.