Biti 256 si chache: ufunguo wa kwanza wa SSH

Kijana mmoja mwenye saiba huku Mwiki, Ruiru, amekodi seva yake ya kwanza. Ameniuliza swali ambalo wasomaji hawachoki kuniletea: "Mwalimu, huu ufunguo wa Ed25519 wa biti 256 si dhaifu kuliko wa RSA wa 4096?" Ndivyo alivyoambiwa na fundi, ambaye tayari amemtengenezea jozi ya RSA kwa ada na kumtumia kwa WhatsApp.

Hesabu ya fundi ni kama kulinganisha kilo na lita. RSA, iliyotangazwa 1977, husimama juu ya kuzidisha nambari tasa mbili. Kupata 61 × 53 ni rahisi. Kupewa 3233 na kuambiwa utafute zilikotoka ni kazi. Lakini wanahisabati wamegundua njia za mkato, na Februari 2020 nambari ya tarakimu 250, yaani biti 829, ilivunjwa. Ndiyo maana RSA hurefushwa kila mara.

Ed25519, ya 2011, hutumia nukta kwenye mkunjo. Unaanza na nukta inayojulikana na wote, unaijumlisha na yenyewe mara nyingi ajabu, kisha unatangaza ulikofikia. Siri ni idadi ya mara hizo. Anayetazama anaona mwanzo na mwisho, na hakuna njia ya mkato kama ile ya RSA inayojulikana kumsaidia. Kwa hiyo biti 256 za hapa hukaribiana kwa nguvu na biti 3072 za RSA. RSA ibaki kwa mitambo mikuukuu isiyoijua Ed25519.

Andika mwenyewe, kwenye kompyuta yako:

```
ssh-keygen -t ed25519
```

Kubali jina la faili, kisha weka fumbo la siri. Usishtuke herufi zisipoonekana unapoandika. Zitatokea faili mbili. Yenye `.pub` ndiyo pekee ya kupeleka kwenye seva.

Fumbo hilo si nywila ya seva, wala halitumwi huko. Hufunga faili ya siri iliyo kwako. Mwizi wa kompyuta atabahatisha akiwa kwake, usiku kucha, bila wa kumzuia baada ya majaribio matatu. Methali, hata ndefu, iko tayari kwenye orodha yake. Fungua kamusi bila kuchagua, gusa neno, rudia mara sita, na usikatae neno kwa kuwa hulipendi. Ukilisahau fumbo, hakuna wa kukurudishia; unatengeneza jozi mpya.

Kijana akauliza kama kubadilisha fumbo kutaokoa ufunguo wa fundi. Hapana. Litabadilika kwenye nakala ya kijana tu. Fundi anayo ya kwake, na itafungua kama jana. Kijana aingize ufunguo mpya, ahakikishe unafungua, kisha afute mstari wa ule wa zamani kwenye `~/.ssh/authorized_keys` ya seva. Ada ya fundi aihesabu karo.