Hindi bovu pichani: swali ni la ghala

Mavuno yanapokaribia, simu za maafisa ugani hupokea picha zinazofanana. Hindi limemenywa maganda hadi nusu, ncha yake imeliwa, katikati ya punje kuna uchafu wa kahawia na ukungu wa rangi fulani, na chini ya picha kuna swali moja: nipige dawa gani? Jibu mara nyingi hutoka haraka. Viwavijeshi vamizi, dawa fulani, kipimo fulani. Naamini swali hilo na jibu hilo vyote vimekosea njia. Hindi likishafika hatua ya kupigwa picha likiwa bovu, dawa ya kunyunyizia haina tena kazi kwake. Kinachobaki kuamuliwa ni punje zipi ziingie ghalani na zipi zisiingie, na picha iliyopigwa vizuri inaweza kusaidia sana katika uamuzi huo, mradi tujue inapokoma.

Tuanze na mdudu, kwa kuwa ndiye anayelaumiwa kwanza. Kiwavijeshi vamizi aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, na mwaka uliofuata alikuwa tayari Kenya na Tanzania. Tangu hapo kila tobo kwenye hindi limekuwa lake. Lakini ncha iliyoliwa peke yake haimtambulishi. Funza wa vitumba, yule yule anayewasumbua wakulima wa pamba, naye huingia kwa kupitia ndevu za hindi na kuanza kula kutoka nchani. Ndege nao hula ncha, ila wao huyachana maganda kuwa nyuzi na hawaachi kinyesi kama cha kiwavi. Kiwavijeshi vamizi huweza kupita nchani, lakini pia ana tabia ya kutoboa maganda ubavuni, na alama hiyo hupotea mkulima anapomenya hindi kabla ya kulipiga picha. Funza wa mabua hujificha zaidi. Hupita kwenye kikonyo au hupekecha gunzi kwa ndani, na njia yake haionekani mpaka hindi livunjwe vipande viwili. Kiwavi mwenyewe akipatikana mambo huwa mepesi: kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba. Tatizo ni kwamba mara nyingi picha hupigwa kiwavi akishaondoka.

Sasa tusome picha moja kwa utaratibu. Ganda lina tobo la duara ubavuni. Ndani, ncha imeliwa kiasi cha vidole vitatu na kinyesi kimekauka kama unga wa mbao uliogandamana. Kandokando ya sehemu iliyoliwa kuna ukungu mweupe unaoelekea waridi, na punje chache zilizo mbali kidogo zina mistari myeupe inayotawanyika kutoka juu kama miale. Katikati ya mistari miwili ya punje kuna vumbi la kijani linaloelekea njano. Kinyesi kilichokauka bila kiwavi kinatuambia kwamba mla hindi huenda amekwisha kushuka ardhini kugeuka buu. Kunyunyiza shamba sasa ni kununua dawa kwa ajili ya mdudu asiyekuwepo. Hata angekuwepo, maganda yangemkinga. Ukungu wa waridi unaofuata njia ya kiwavi, pamoja na ile mistari ya miale, ni dalili ya kuvu inayozalisha fumonisini. Vumbi la kijani-njano ndilo la kutiliwa shaka zaidi, kwani hiyo ndiyo sura ya kuvu inayozalisha aflatoksini, na hushamiri pale mmea ulipopata ukame na joto wakati punje zikijaa. Kiwavi alifungua mlango, kuvu mbili zikaingia. Anayejibu «viwavijeshi» hajadanganya, ila ametaja aliyeanza na kuwasahau waliobaki ndani.

Mahali ukungu ulipoanzia pana maana kama rangi yake. Uozo mweupe wa kijivu unaopanda kutoka kitakoni, maganda yakiwa yamepauka na kushikamana na punje, ni ugonjwa mwingine ambao mara nyingi haukuhitaji mdudu kabisa. Uozo mwekundu unaoshuka kutoka nchani huja zaidi kwenye nyanda za baridi na mvua. Ndiyo maana picha moja ya hindi lililomenywa nusu haitoshi. Zinahitajika tatu: hindi likiwa na maganda yake, likigeuzwa ili tobo lionekane, hindi lililomenywa hadi kitakoni, na hindi lililovunjwa katikati ili gunzi lionekane ndani. Zipigwe kivulini mchana, bila taa ya simu, pembeni kukiwa na karatasi nyeupe. Taa ya simu hufifisha waridi hafifu hadi ionekane nyeupe, na jua kali hulifanya vumbi la kijani lifanane na uchafu wa kawaida.

Wapo watakaosema kwamba hili ni kumwongezea mkulima kazi wakati afisa ugani mmoja anahudumia vijiji kadhaa, na kwamba picha moja ni afadhali kuliko kukosa. Ningekubali kama picha moja ingeleta jibu pungufu tu. Inaleta jibu lisilo sahihi, na jibu hilo lina gharama: fedha ya dawa inatoka, na hindi lenye vumbi la kijani linapukuchuliwa pamoja na mengine. Picha mbili za ziada huchukua dakika chache.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: sumukuvu haionekani kwa macho, hivyo uchambuzi wa picha una faida gani? Ni kweli haionekani. Haina harufu, kupika ugali hakuimalizi, na punje inayong'aa inaweza kuwa nayo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye aflatoksini yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 maafa ya aina hiyo yalitokea Dodoma na Manyara. Kwa hiyo hakuna picha inayoweza kutangaza kuwa hindi ni salama, na anayeijibu picha kwa kusema «hili halina shida, kula» anavuka mipaka ya anachokiona. Hiyo ni kazi ya maabara, ambako kikomo cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 za aflatoksini katika bilioni. Lakini sumu hii haisambai sawasawa ndani ya gunia. Kwa kawaida sehemu kubwa yake hukaa kwenye punje chache zilizotobolewa, zilizopasuka au zenye ukungu. Kuziondoa kabla ya kupukuchua hakuusafishi mzigo wote, ila hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, na hilo jicho linaliweza. Picha inaweza kukataa hindi, haiwezi kulithibitisha.

Hindi lililokataliwa lina njia zake za kurudi mezani. Kukata ncha iliyooza na kutunza iliyobaki hakutoshi, kwa sababu kuvu huwa imekwisha kupenya punje za jirani ambazo bado zinaonekana nzima. Kumpa ng'ombe wa maziwa kunarudisha sehemu ya sumu kwenye maziwa, na fumonisini ni hatari kwa punda. Kulipikia pombe hakuiondoi sumu.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, ukilikuta hindi bovu piga picha zote tatu, na ubadilishe swali. Uliza: hili litengwe? Ukiliona vumbi la kijani usisubiri jibu. Litenge lisilike na mtu wala mnyama, yaliyo mazima yaanike juu ya turubai, na usiyafunge kwenye magunia kabla hayajakauka.