Nani Alisema? Barua ya Mtafiti kwa Wanukuzi

Tuseme mtafiti wa afya amepokea nakala ya mjadala wa kikundi uliofanyika Tanga. Wanawake saba wanazungumzia huduma za kliniki, lakini kila anayesema ameandikwa "Mshiriki" tu. Foleni imelalamikiwa mara tatu. Je, ni wanawake watatu, au mmoja aliyerudia? Bila jibu, hawezi kuandika kwamba kero hiyo ni ya wengi.

Barua ya kuwaambia wanukuzi "kazi yenu ni mbovu" haitamfikisha popote. Kwanza arudi kwenye sauti. Achague vipande vya dakika tano, mwanzoni, katikati na mwishoni, asikilize huku akifuata maandishi. Kila kosa alitaje kwa jina la faili na dakika, ili anayesoma barua aweze kulisikia mwenyewe:

"Faili KK-03, dakika 14:32. Mmeandika: Sijawahi kukosa dawa. Inasikika: Nishawahi kukosa dawa. Dakika 21:05. Mmeandika: Tulifika 2:00 asubuhi. Mama alisema saa mbili asubuhi, yaani 8:00."

Makosa haya mawili yanastahili kutangulia kwenye barua, hasa la kwanza, kwa kuwa limegeuza ushahidi wa mama huyo kuwa kinyume chake. Herufi iliyoruka au nukta iliyosahaulika ikae mwisho, au iachwe kabisa. Ukiyachanganya yote, kampuni itasahihisha tahajia na kuona imemaliza.

Kuhusu wasemaji, mtafiti asitume majina halisi. Washiriki waliahidiwa siri walipotoa ridhaa, na ahadi hiyo inaifunga barua pia. Aombe alama M1 hadi M7, na aambatishe mchoro wa walivyokaa pamoja na dakika ambayo kila mmoja alijitambulisha kwa namba yake. Mnukuzi aliyekosa vitu hivyo hukisia kwa sauti tu, na sauti za wanawake saba chumbani hufanana upesi. Pale asipokuwa na hakika, aandike "M?". Namba ya kukisia ina hatari kuliko pengo, maana hakuna atakayeishuku.

Haki iende pande zote. Watu wawili wakisema kwa pamoja, au pikipiki ikipita dirishani, alama ya "haisikiki" yenye dakika ni kazi sahihi. Mkataba nao usomwe kabla ya kudai: kama haukutaja kutenganisha wasemaji, kampuni inaweza kuitoza kazi hiyo upya. Kama uliitaja, mtafiti anukuu kifungu chenyewe na kudai marekebisho bila malipo.

Ombi la mwisho liwe wazi: faili zima lisikilizwe upya na mtu mwingine, si kurekebisha mistari iliyotajwa tu, kwa sababu vile vipande ni sampuli. Atoe tarehe ya kurudishiwa, na azuie uchambuzi wa nakala hiyo mpaka mpya ifike.