Kunyumbuka, Kusogea na Kugeuka: Permitiviti ya Chumvi na Barafu

Katika vitabu vya fizikia vya miaka ya nyuma, kipimo kinachoonyesha jinsi kitu kisichopitisha umeme kinavyoitikia uga wa umeme kiliitwa konstanti ya dielektriki. Jina hilo lingali likitumika. Mfasiri akilichukua neno kwa neno, atapata Kiswahili kinachodai kwamba kipimo hicho hakibadiliki, na dai hilo si kweli. Barafu iliyo katika nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sufuri hutoa thamani ya karibu 95 ikipimwa kwa umeme unaogeuka mwelekeo pole pole. Barafu hiyo hiyo, katika halijoto ile ile, hutoa 3.2 tu ikipimwa kwa umeme unaogeuka mara milioni moja kwa sekunde. Jambo linalopungua karibu mara 30 haliwezi kuitwa thabiti. Neno permitiviti, lisilo na dai lolote ndani yake, ni salama zaidi, na ndilo litakalotumika katika makala haya.

Chanzo cha kipimo hiki ni rahisi kueleza. Mabamba mawili ya metali yakiwekwa sambamba bila kugusana, huweza kuhifadhi chaji. Michael Faraday alionyesha mnamo 1837 kwamba kiasi cha chaji kinachohifadhiwa kwa volteji ile ile huongezeka pengo lililo kati ya mabamba likijazwa kihami, kama vile kioo au salfa. Permitiviti ikilinganishwa na ile ya ombwe ni idadi ya mara ambazo uwezo wa kuhifadhi umeongezeka. Ongezeko hilo hutokea kwa sababu chaji zilizomo ndani ya kihami, ingawa haziwezi kusafiri, huweza kupisha uga kidogo: chanya huelekea upande mmoja na hasi upande wa pili. Upishaji huo ndio upolarishaji. Kinachopaswa kuulizwa katika kila kihami ni hiki: ni nini hasa kinachojongea, na hujongea kwa wepesi gani?

Chumvi ya mezani yafaa kuwa mfano wa kwanza, kwani muundo wake ni mwepesi. Fuwele yake ni mpangilio wa ayoni chanya za sodiamu na ayoni hasi za kloridi zinazopishana kama miraba ya ubao wa dama, ila kwa pande tatu. Uga wa umeme ukiingia humo, mambo mawili hutendeka. Kwanza, wingu la elektroni la kila ayoni hunyumbuka kidogo, likihama kutoka kwenye kiini chake. Pili, ayoni zenyewe husogea, sodiamu upande huu na kloridi upande ule. Vitenzi hivi viwili vyafaa kutenganishwa. Kunyumbuka ni kwa kilichoshikwa mahali pake. Kusogea ni kwa kilichohama, ingawa kwa umbali mdogo mno. Elektroni ni nyepesi hata huweza kuufuata uga wa mwanga, unaogeuka mamia ya trilioni ya mara kwa sekunde. Ayoni ni nzito kuliko elektroni kwa makumi ya maelfu ya mara, nazo haziwezi.

Kwa hiyo, chumvi ina thamani mbili. Kwa masafa ya chini, elektroni na ayoni zote huitikia, na permitiviti ni karibu 5.9. Kwa mwanga wa manjano, elektroni peke yake ndizo zinazoitikia. Hapo permitiviti hupatikana kwa kuzidisha kipeo cha kupinda mwanga, yaani 1.54, kwa chenyewe, na jibu ni karibu 2.4. Tofauti ya thamani hizo ni mchango wa ayoni. Mpito kati yake hauko kama mteremko wa kawaida. Ayoni za chumvi zina mtetemo wake wa asili, wa karibu trilioni 5 kwa sekunde, katika eneo la miale ya infraredi. Uga ukikaribia mwendo huo, hufanya kama mtu asukumaye bembea kwa wakati wake: mwitiko hupanda sana, kisha uga ukizidi mwendo huo, ayoni hujikuta zikienda kinyume na uga, na permitiviti hushuka hata chini ya sufuri. Katika eneo hilo fuwele iliyo angavu kwa macho hurudisha nyuma karibu mionzi yote inayoifikia. Baada ya hapo thamani hupanda tena na kutulia mahali pa elektroni.

Hapa huzuka swali ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kulitazama. Uga unaoinyumbua ayoni moja ndani ya fuwele ni upi? Si uga wa mabamba peke yake. Kila ayoni imezungukwa na jirani zilizopolarishwa, nazo zina uga wao. Mtu aliye katikati ya umati hasikii sauti ya msemaji pekee. Husikia pia kiitikio cha waliomzunguka. Uga wa mahali ayoni ilipo ni jumla ya hizo mbili. Mosotti mnamo 1850 na Clausius mnamo 1879 walifikia uhusiano unaotokana na wazo hilo, na baadaye Lorentz akaonyesha kuwa, katika fuwele zenye ulinganifu kama wa chumvi, uga wa mahali ni sawa na uga wa wastani ukizidishwa kwa (ε + 2)/3, ambapo ε ni permitiviti. Kutokana na hilo hupatikana:

(ε − 1)/(ε + 2) = Nα/3ε₀

Humo N ni idadi ya jozi za ayoni katika kila kizio cha ujazo, α ni wepesi wa jozi moja kupolarishwa, na ε₀ ni permitiviti ya ombwe.

Masahihisho hayo si madogo. Kwa chumvi na mwanga wa manjano, (2.4 + 2)/3 ni karibu 1.5, yaani ayoni huhisi uga uliozidi ule wa wastani kwa nusu nzima. Kila jozi ya sodiamu na kloridi huchukua nafasi ya angstromu za ujazo 44.9. Mtu akiyapuuza masahihisho, atahesabu kwamba wepesi wa jozi hiyo kupolarishwa ni angstromu za ujazo 4.9, akiyazingatia, atapata 3.4. Ni lipi lililo sahihi? Jaribio ni kuuliza kama kloridi hubaki na tabia ile ile inapohamia chumvi nyingine. Mnamo 1953 Tessman, Kahn na Shockley walichunguza halaidi nyingi za alkali na kuona kwamba, masahihisho ya Lorentz yakitumiwa, kila ayoni huweza kupewa thamani yake moja, na thamani hizo zikijumlishwa huafikiana vizuri na vipimo.

Lakini kanuni iliyofaa kwa chumvi hairuhusiwi kupelekwa kila mahali. Molekuli ya maji ina ncha mbili za umeme hata kabla ya uga kuwepo: upande wa oksijeni ni hasi na upande wa haidrojeni ni chanya. Mtu akichukua nguvu ya ncha hizo kama ilivyopimwa katika mvuke, akaitia katika mlinganyo ulio hapo juu pamoja na msongamano wa maji na halijoto ya chumbani, upande wa kulia hutoa karibu 3.9. Upande wa kushoto hauwezi kufikia hata 1, permitiviti iwe kubwa namna gani. Maana ya matokeo hayo ni kwamba maji yangepaswa kujipolarisha yenyewe, bila uga wowote, katika kila halijoto iliyo chini ya takriban nyuzi 900 za Selsiasi. Hakuna kisima wala bahari iliyowahi kufanya hivyo. Kosa limo katika kudhani kwamba kiitikio cha majirani huigeuza molekuli. Sehemu kubwa ya uga wa majirani husababishwa na molekuli yenyewe na huifuata inapogeuka, hivyo haiwezi kuisukuma upande wowote. Onsager aliitenganisha sehemu hiyo mnamo 1936, na maafa yale ya kihesabu yakatoweka.

Hivyo barafu ndiyo inayodai kitenzi cha tatu, yaani kugeuka. Katika yabisi nyingi molekuli zenye ncha mbili zimefungwa zisiweze kugeuka kabisa. Katika barafu kila molekuli imeshikwa na jirani nne kwa viungo vya haidrojeni, na kwa kawaida kila kiungo kina haidrojeni moja. Molekuli ikigeuka peke yake, itaacha kiungo kimoja bila haidrojeni na kingine kikiwa na mbili. Niels Bjerrum alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba dosari za aina hizo mbili zimo katika barafu daima, ingawa ni chache, na kwamba molekuli hupata nafasi ya kugeuka dosari inapopita karibu nayo. Kugeuka katika barafu, basi, ni kungoja zamu.

Ungojaji huo ndio unaoamua masafa. Katika nyuzi 10 chini ya sufuri, mwitiko wa barafu huhitaji takriban sekunde 0.00005. Umeme ukigeuka karibu mara 3,000 kwa sekunde, molekuli huanza kuachwa nyuma, permitiviti huwa imeshuka nusu ya njia, na nishati nyingi zaidi kwa kila mzunguko hupotea kuwa joto. Tofauti na chumvi, hakuna bembea hapa: thamani huteremka taratibu bila kupanda wala kupita sufuri. Halijoto ikishuka kwa nyuzi 10 zaidi, ungojaji huongezeka karibu mara tatu, na mteremko wote huhamia masafa ya chini zaidi. Ile 3.2 inayobaki baada ya mteremko ina sehemu mbili: karibu 1.7, kwa kuhesabu na 1 ya ombwe, hupatikana kwa elektroni zinazonyumbuka, na iliyosalia ni ya atomu zinazosogea.

Maji hayana ungojaji wa aina hiyo. Katika halijoto ya chumbani molekuli zake huufuata uga hadi unapogeuka mabilioni ya mara kwa sekunde. Jiko la maikrowevu, ambalo kwa kawaida hufanya kazi kwa mara bilioni 2.45, huyakuta maji yakijitahidi kufuata na kupoteza nishati, ilhali molekuli za barafu zimekwisha kukata tamaa zamani. Ndiyo sababu nyama iliyoganda, ikitiwa humo, huweza kuiva pembeni palipoyeyuka kwanza huku katikati ikiwa bado ni gumba la barafu.

Mpimaji hana budi kujihadhari na jambo moja katika masafa ya chini. Barafu, hasa ikiwa na uchafu wa chumvi, hupitisha umeme kidogo, na chaji hizo hujikusanya mbele ya mabamba. Chombo kitaonyesha maelfu badala ya 95, na asiyejua atadhani amegundua aina mpya ya upolarishaji. Dawa ni kukata kipande kingine chenye unene maradufu na kupima tena. Permitiviti ya barafu yenyewe haijali unene. Thamani ikibadilika pamoja na unene, kilichopimwa ni mpaka wa barafu na bamba. Na thamani ikiwa ndogo kuliko inavyotarajiwa, mara nyingi kuna utando wa hewa kati ya bamba na barafu, kwa kuwa barafu husinyaa inapozidi kupoa na kujibandua kwenye metali.