Siku Mbili za Mkutano, Siku Sita za Kazi

Waandaaji wengi humkumbuka mkalimani mwishoni, baada ya ukumbi, chakula na mabango kukamilika. Ndiyo maana wakisikia bei yake hushtuka: mtu anayeongea tu, analipwaje hivyo kwa siku?

Tuchukue mkutano wa siku mbili jijini Arusha kuhusu usalama wa mahindi yanayovuka mipaka. Mada hiyo ina moto wake. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mezani huketi pia wajumbe wanaozungumza Kifaransa.

Mkalimani huria akishakubali kazi huomba ratiba, majina ya wazungumzaji, slaidi na ripoti ya kikao kilichopita. Slaidi huahidiwa sana, kisha hufika usiku wa kuamkia mkutano. Asiyetaka kuumbuka haningojei slaidi; anaanza na kiwango cha Jumuiya cha mahindi, kinachosema sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo moja, na ile aina ya B1 isizidi 5. Akizielewa tarakimu hizo mbili, nusu ya mabishano ya ukumbini ameshayaelewa.

Humo ndimo anamochota orodha yake ya istilahi. Iliyo nzuri ni fupi, kurasa mbili hivi, nayo hufuata mtiririko wa ratiba badala ya alfabeti, kwa sababu ndani ya kibanda hakuna muda wa kupekua. Kuna safu ya Kiingereza, ya Kifaransa, ya Kiswahili, na ya nne ambayo wageni wa kazi huisahau: nani hutumia neno gani. Mtaalamu wa Dodoma atasema sumukuvu, mwenzake wa Nairobi aflatoksini, na msikilizaji anaweza kudhani ni sumu mbili tofauti. Mkalimani huchagua moja, akataja ya pili mara ya kwanza, kisha akashikilia aliyoichagua hadi mwisho.

Tarakimu nazo zina mitego yake. Kwa Kifaransa cha Paris, 97 hutamkwa kama themanini na kumi na saba, na mwenye haraka atakuwa ameshatoa themanini kabla hajasikia iliyobaki. Mkongomani, kwa urithi wa Wabelgiji, hutumia neno moja la tisini. Aliyesomea kwa walimu wa Ufaransa pekee huduwaa kidogo, na sekunde hiyo inatosha kupoteza sentensi.

Ukumbini, kazi hii hufanywa kwa ukalimani sawia: mkalimani yuko ndani ya kibanda, hedifoni masikioni, akizungumza maneno machache nyuma ya msemaji. Hufanywa na wawili, wakipokezana kila dakika 20 au 30. Anayepumzika hapumziki hasa. Anamwandikia mwenzake tarakimu na majina kwenye karatasi iliyo kati yao. Muandaaji anayeomba mtu mmoja kwa siku nzima anadhani anaokoa fedha. Utafiti uliofanywa Geneva miaka ya 1990 ulionyesha kwamba zamu ikirefuka mno makosa ya maana huongezeka, na mkalimani mwenyewe hatambui kwamba anakosea. Hilo ndilo baya zaidi.

Siku ya pili mchana wajumbe wanakwenda kukagua ghala. Huko hakuna kibanda, basi ukalimani unakuwa fuatizi: msemaji anazungumza dakika kadhaa, ananyamaza, mkalimani anarudia kwa lugha nyingine. Kwenye daftari lake haandiki kila neno. Anaandika wazo, mshale wa sababu na matokeo, majina, tarehe na tarakimu, kwa sababu hizo hazikai kichwani. Hakuna mitambo ya kukodi, ila muda unakaribia kuwa mara mbili: maelezo ya nusu saa huchukua saa nzima. Ratiba isiyolijua hilo huvunjika kabla ya chai.

Sasa bei. Tuseme, kwa kurahisisha hesabu, malipo ni shilingi 600,000 kwa siku. Siku mbili ni 1,200,000, na siku ya safari hulipwa nusu, 300,000. Jumla 1,500,000. Nchini Tanzania kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa huduma huondoa 75,000, anabaki na 1,425,000. Ukiongeza siku tatu za kusoma, amefanya kazi siku sita, yaani 237,500 kwa siku. Nauli na malazi huwa nje ya hesabu hii, na nusu siku kwa kawaida hutozwa kama siku nzima, maana hakuna mteja mwingine atakayemchukua saa nane mchana.

Kipengele cha kuwekwa kwenye mkataba kabla ya kusaini ni cha kuahirishwa. Mkutano ukifutwa siku tatu kabla, orodha imeshaandikwa na kazi nyingine imeshakataliwa. Wengi hudai nusu ya malipo ikibaki wiki moja au mbili, na malipo kamili zikibaki siku chache.